Rizista inayoupandisha waya

Chipu mbili zikitumia waya mmoja, moja ikiupandisha hadi volti 3.3 huku nyingine ikiushusha hadi sifuri, mkondo mkubwa hupita kati yao na unaweza kuziunguza. Mfumo wa I2C, uliobuniwa na kampuni ya Philips, huepuka hatari hiyo kwa kuinyima kila chipu uwezo wa kupandisha. Chipu huweza tu kuushusha waya au kuuachia. Zote zikiuachia, rizista iliyounganishwa na volti 3.3 huupandisha.

Kazi ngumu ni kuchagua rizista. Waya na miguu ya chipu huhifadhi chaji kidogo, kama mtungi unaojazwa kwa bomba jembamba. Uhifadhi huo ukiwa pikofaradi 200, rizista ya omu 4,700 hupandisha waya kwa takriban nanosekunde 800. Kwa kasi ya kilohezi 100 inatosha, kwani kikomo ni 1,000. Kwa kilohezi 400 kikomo ni 300, na data huharibika. Osiloskopu huonyesha mawimbi yaliyopinda kama pezi la papa. Omu 1,500 hushusha muda hadi 254. Kupunguza zaidi kuna mpaka: chini ya omu 1,000 hivi, chipu nyingi hushindwa kuushusha waya vya kutosha.