Picha mbili, majibu matatu: hekta za msitu zinavyohesabiwa

Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ilisema Tanzania Bara inapoteza hekta 372,816 za msitu kila mwaka. Baadaye taarifa iliyoandaliwa kwa ajili ya mpango wa REDD+, iliyoangalia kipindi cha 2002 hadi 2013, ikatoa hekta 469,420 kwa mwaka. Waandishi wa habari tunazitumia zote mbili, kila mmoja kwa ile aliyoikuta kwanza. Hakuna aliyedanganya hapo: vipindi ni tofauti na mbinu ni tofauti. Lakini hata kipindi kikiwa kimoja, na picha zikiwa zilezile mbili, mtu anaweza kutoka na majibu matatu ya hekta, na ni moja tu kati yake linalostahili kuingia kwenye ripoti.

Tuchukue miombo ya Kilwa, mkoani Lindi, ambako wakulima hufyeka pori kupata mashamba ya ufuta. Tuseme tuna eneo la hekta 18,000, msitu wa kijiji pamoja na mashamba yanayouzunguka, na tunataka kujua msitu kiasi gani umetoweka kati ya 2014 na 2022. Hesabu nitakazotumia ni za mfano tu, si takwimu za kijiji chochote.

Picha tunazo bila malipo. Setilaiti ya Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, hupita juu ya Kilwa kila baada ya siku 16. Picha yake imeundwa kwa vipande vya mraba viitwavyo pikseli, kila kimoja kikiwa na mita 30 kwa 30. Hiyo ni mita za mraba 900, yaani hekta 0.09. Eneo letu la hekta 18,000 kwa hiyo ni pikseli 200,000 kamili.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika hapa mwanzoni kabisa, kabla kompyuta haijaguswa. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mwezi Mei, mvua zikiwa zimetoka kukatika, msitu bado ni kijani kibichi. Kufika Agosti matawi yako wazi, nyasi zimekauka na moto wa nyika umeshapita sehemu nyingi na kuacha ardhi nyeusi. Setilaiti hutambua msitu kwa jinsi majani mabichi yanavyonyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Mti usio na majani haufanyi hivyo. Ukilinganisha picha ya Mei 2014 na ya Septemba 2022, utagundua maelfu ya hekta “zilizokatwa” ambazo miti yake imesimama palepale ikingoja kuchipua. Dalili yake ni rahisi kuiona: upotevu unatokea kwa mabaka makubwa yasiyo na umbo, yanayofuata mabonde na mipaka ya moto, wakati shamba lililofyekwa na mtu huwa dogo, lenye kingo zilizonyooka, na mara nyingi liko karibu na njia. Dawa ni kuchukua picha za mwezi mmoja, Mei na Mei au Juni na Juni, na kuvumilia usumbufu wa kutafuta siku isiyo na mawingu.

Baada ya hapo picha zote mbili huainishwa. Mtaalamu huionyesha programu mifano ya maeneo anayoyajua, hapa ni msitu, hapa ni shamba, hapa ni maji, nayo programu huipa kila pikseli jina kufuatana na mifano ile. Kwa hesabu yetu majina mawili yanatosha: msitu ni 1, kisichokuwa msitu ni 2. Kinachosumbua ni kuamua msitu ni nini. Tanzania, kwa taarifa zake za REDD+, huhesabu kuwa msitu eneo la angalau nusu hekta, ambalo majani ya miti yanafunika asilimia 10 au zaidi ya ardhi, na miti yake inaweza kufikia mita 3. Pikseli moja iliyobaki peke yake, basi, si msitu. Zinahitajika kama 6 zilizoshikana ili kufika nusu hekta. Na shamba la mikorosho lililokomaa litaiambia setilaiti kwamba ni msitu, tena mzuri, mpaka mtu anayelijua eneo aje kulitenganisha.

Sasa ramani mbili zinawekwa moja juu ya nyingine. Kwenye programu ya bure ya QGIS, kazi hiyo hufanywa kwa mstari mmoja katika kikokotoo cha rasta:

```
"ramani2014@1" * 10 + "ramani2022@1"
```

Kila pikseli inapata nambari yenye tarakimu mbili. 11 ni msitu uliobaki msitu, 22 ni shamba lililobaki shamba, 21 ni mahali ambapo pori limerudi, na 12 ndiyo tunayoitafuta: 2014 palikuwa na msitu, 2022 haupo. Tuseme tumepata pikseli 120,000 za 11, 20,000 za 12, 5,000 za 21 na 55,000 za 22.

Anayetaka jibu la haraka atajumlisha msitu wa kila mwaka na kutoa. Mwaka 2014 ulikuwa pikseli 140,000, mwaka 2022 ni 125,000, tofauti ni 15,000, yaani hekta 1,350. Hilo ndilo jibu la kwanza, nalo linaficha jambo. Mfugaji aliyeibiwa ng’ombe ishirini, kisha wakazaliwa ndama watano, akihesabu zizi atakuta pengo la kumi na tano, lakini akienda polisi ataripoti ishirini. Pikseli zetu 5,000 zilizorudi ni vichaka vya miaka michache kwenye mashamba yaliyoachwa; hazifuti mti wa miaka themanini uliokatwa kwingine. Upotevu wenyewe ni pikseli 20,000 mara 0.09, yaani hekta 1,800. Hilo ni jibu la pili, na ripoti nyingi huishia hapo.

Haifai kuishia hapo, na sababu ni ya kihesabu. Tuseme kila ramani ni sahihi kwa asilimia 90, kiwango ambacho wengi wangejisifia. Ili pikseli iwe na jibu sahihi la mabadiliko, lazima ramani zote mbili ziwe sahihi mahali pale. Kama makosa ya ramani moja hayahusiani na ya nyingine, uwezekano huo ni 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 81. Karibu moja ya tano ya eneo inaweza kuwa na jibu lisilo sahihi, ilhali upotevu tuliouona ni sehemu moja tu ya kumi ya eneo. Makosa ni makubwa kuliko kitu kinachopimwa. Mengine hutokana na picha kutolingana vizuri: ikiwa ya 2022 imesogea nusu pikseli kwenda mashariki, kila ukingo wa msitu utachora uzi mwembamba wa upotevu wa uongo upande mmoja, na uzi wa msitu uliorudi upande wa pili. Ukiona nyuzi kama hizo zenye upana wa pikseli moja kando ya barabara na mito, usizihesabu.

Ndiyo maana ramani hutumika kugawa eneo katika matabaka, na hekta hutafutwa kwa sampuli. Kompyuta hudondosha nukta bila mpangilio ndani ya kila tabaka. Mtu aliyefunzwa huifungua kila nukta kwenye picha kali zaidi, kama zile za Google Earth ambazo mti mmoja mmoja unaonekana, na huamua mwenyewe kilichotokea kati ya 2014 na 2022. Hapaswi kujua ramani ilisemaje, maana akijua ataanza kukubaliana nayo.

Tuseme tumeweka nukta 100 kwenye tabaka la upotevu, na 82 zimethibitika. Kwenye msitu uliobaki, ambao ni hekta 10,800, tumeweka nukta 200, na 10 zimekutwa ni msitu uliofyekwa ambao ramani haikuuona. Kwenye hekta 5,400 zilizobaki, ambazo ramani ilisema hazikuwa msitu mwaka 2014, nukta 1 kati ya 100 imekutwa ni upotevu. Sasa kila sehemu inachangia kwa uzito wake: asilimia 82 ya 1,800 ni hekta 1,476, asilimia 5 ya 10,800 ni hekta 540, asilimia 1 ya 5,400 ni hekta 54. Jumla ni hekta 2,070. Hilo ndilo jibu la tatu.

Angalia zile nukta 10. Kwa macho ni chache, mtu angeweza kuzipuuza. Lakini kila nukta ndani ya msitu uliobaki inasimama badala ya hekta 54, wakati nukta ya tabaka la upotevu inasimama badala ya hekta 18 tu. Ramani ilikuwa imezidisha upotevu kwa hekta 324 upande mmoja, na upande mwingine ikaukosa kwa hekta 594. Nukta hizo 10 ndizo pia zinazoleta zaidi ya robo tatu ya mashaka yote ya hesabu. Ukikokotoa mashaka hayo kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 95, unapata hekta 370 juu na chini. Kwa hiyo sentensi ya ripoti inakuwa: hekta 2,070, kati ya 1,700 na 2,440. Mwenye fedha ya kuongeza nukta aziongeze kwenye msitu uliobaki, si kwenye upotevu ambako kila mtu hupenda kwenda kutazama.

Wengi hugawanya jibu hilo kwa miaka 8 na kuandika hekta 259 kwa mwaka. Hesabu ni sahihi, ila picha mbili haziwezi kusema kama ufyekaji ulikuwa sawa kila mwaka au uliruka msimu mmoja bei ya ufuta ilipopanda. Kwa hilo inahitajika picha ya kila mwaka.

Na mkaa? Mchoma mkaa hafyeki shamba. Huchagua miti migumu, huikata, huacha mingine. Msitu uliofunika asilimia 60 ya ardhi ukipungua hadi asilimia 12, kwa kipimo cha Tanzania bado ni msitu, na nambari 12 haitatokea kwenye ramani. Kenya huhesabu msitu kuanzia asilimia 15, kwa hiyo pori hilohilo likiwa upande wa pili wa mpaka lingeandikwa kuwa limepotea lote. Magunia yanayopangwa kando ya barabara kuu ya Kilwa kwa sehemu kubwa yametoka kwenye pikseli ambazo bado zinasomeka 11.