Koo linauma? Usikimbilie antibiotiki

Umeamka Jumatatu, ukimeza mate ni kama unameza miiba. Mwenzako wa chumba anakupa vidonge vya amoksilini alivyobakisha mwezi jana. Ngoja kwanza!

Kama pia unakohoa, una makamasi na sauti imekwaruza, huenda ni virusi tu, na antibiotiki haziui virusi. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji vuguvugu. Inua kichwa, sukutua kooni kwa nusu dakika, kisha tema. Rudia mara kadhaa kwa siku. Katikati, mung'unya peremende za koo polepole bila kuzitafuna, maana mate yanayotoka ndiyo hulainisha koo. Hizi hutuliza maumivu tu. Virusi vyenyewe huisha kwa wiki moja hivi.

Lakini tuseme hukohoi, homa imepanda ghafla, tezi za shingo zimevimba, na ukimulika koo kwa tochi ya simu unaona madoa meupe kwenye tonsili. Hapo nenda upimwe bakteria wa streptokokasi. Daktari atapitisha kijiti chenye pamba kooni. Utahisi kama kutapika kidogo, basi. Ukipatikana nao, maliza dozi yote hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Wasipotibiwa, wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo.

Na ukishindwa kupumua vizuri au kumeza hata mate, usingoje kesho.