Mwenye Soda Alijibuje?

Septemba 1990, Brooklyn Bottling, kampuni ya familia huko Brooklyn, New York, ilitoa soda mpya iitwayo Tropical Fantasy. Chupa ilikuwa na karibu mililita 590 na bei yake senti 49, ilhali soda za makampuni makubwa zilikuja kwa chupa ndogo zaidi na bei kubwa zaidi. Kwenye mitaa ya Waamerika weusi, ambako wengi walikuwa wakihesabu senti, ikauzika kama njugu.

Miezi michache baadaye vikaanza kuzagaa vikaratasi. Viliwaonya watu weusi kwamba soda hiyo inatengenezwa na Ku Klux Klan, kile kikundi cha wazungu wabaguzi, na kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya wanaume weusi wasizae. Vilitaja hata kipindi cha televisheni kilichodaiwa kufichua jambo hilo. Kipindi hicho hakikuwa kimesema lolote la namna hiyo. Lakini nani angekwenda kuhakikisha? Wenye maduka wakaanza kuishusha soda kwenye rafu, na mauzo yakaporomoka kwa karibu asilimia 70.

Ni rahisi kuwacheka walioamini. Mimi siwacheki. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilifuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inatibu. Mtu aliyekulia kwenye habari hizo, akiambiwa kuna dawa ndani ya soda, haoni kichekesho. Nasi tuna methali inayomsumbua kila mfanyabiashara aliyezushiwa jambo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwenye kampuni, Eric Miller, alikuwa na jibu la kweli na fupi: kampuni ni ya familia yake, na ndani ya chupa hamna dawa yoyote. Tatizo lake ni kwamba jibu hilo, likitoka kinywani mwake peke yake, halikuwa na uzito. Mtuhumiwa anayesema hana hatia amesema kile ambacho hata mwenye hatia angesema. Kwa hiyo alihitaji watu wasiokula faida ya soda yake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliipima soda na haikukuta kitu. David Dinkins, meya wa kwanza mweusi wa New York, aliinywa mbele ya kamera za televisheni. Kampuni ikaajiri watu weusi wa uhusiano wa umma, na lori lenye tangazo likapita katika mitaa ileile iliyopitiwa na vikaratasi, likiwa na picha ya mume na mke weusi wakinywa Tropical Fantasy.

Angalia lori hilo vizuri, maana ndipo penye ujuzi wa kazi. Halikubeba maneno ya kukana. Lilibeba picha ya watu wanaokunywa soda.

Kwa nini jambo hilo lina maana? Zaidi ya miaka kumi kabla, mwaka 1978, McDonald's ilizushiwa kwamba nyama ya baga zake imechanganywa na minyoo. Kampuni ilikanusha, ikaeleza hata kwamba minyoo ingekuwa ghali kuliko nyama yenyewe. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Alice Tybout, Bobby Calder na Brian Sternthal, wakaamua kupima kama kukanusha kwa namna hiyo kunasaidia. Waliwaonyesha watu televisheni yenye matangazo ya McDonald's, huku mtu mmoja aliyepangwa akiropoka habari za minyoo. Kundi moja likapewa ukanusho kamili wenye sababu zote. Kundi jingine halikuambiwa neno juu ya minyoo. Liliulizwa tu maswali ya kawaida, kama vile huenda McDonald's ipi, na kama pana viti vya kukaa nje.

Matokeo yao, yaliyochapishwa 1981, yanapaswa kumkosesha usingizi kila msemaji wa kampuni. Waliopewa ukanusho waliionea kinyaa McDonald's sawasawa na walioachwa na uvumi wao. Waliokumbushwa mgahawa wanaoujua, na mambo yake ya kila siku, mioyo yao ilirudi. Si kwamba watu waliuamini uvumi. Ila kila ukitamka "baga zetu hazina minyoo", umewaweka minyoo na baga katika sahani moja kwa mara nyingine.

Sasa tuvuke huku kwetu. Tuseme una banda la chipsi, na mtaani pamezuka kwamba unakaangia mafuta ya transfoma. Uvumi huo ni wa zamani kwetu na unahama kutoka banda hadi banda. Hasira itakutuma useme hivi: "Sisi hatutumii mafuta ya transfoma! Huo ni uongo wa washindani wenye wivu, na tutawafikisha mahakamani!" Umeyataja mafuta ya transfoma mwenyewe, umemtuhumu jirani bila ushahidi, na wateja watatoka hapo wakisimulia ugomvi wako badala ya chipsi zako.

Jibu lililopimwa lingekuwa hivi: "Wateja wetu, kuna maswali juu ya mafuta yetu. Tunanunua mafuta ya alizeti, madumu mawili kila Jumatatu na Alhamisi, na risiti zipo kwenye kaunta. Tunayamwaga kila baada ya siku mbili. Bwana afya wa kata amekagua jiko, na karatasi yake imebandikwa mlangoni. Anayetaka kuona madumu apite nyuma, Mungu akipenda tuko wazi kuanzia saa nne." Limekiri kwamba maswali yapo, halikujifanya kiziwi. Lakini uchafu wenyewe halikuutaja, na kila sentensi yake mteja anaweza kuihakikisha kwa macho. Bwana afya ndiye meya wako wa New York. Kama una kiwanda kidogo badala ya banda, mpelekee sampuli mkaguzi wa Shirika la Viwango, kisha useme umepeleka lini na matokeo ni yapi.

Liseme pale uvumi ulipo, wala si pengine. Kama unazunguka kituo kimoja cha daladala, bandika karatasi yako pale. Ukitangaza redioni umewapasha habari maelfu ambao hawakuwa na wazo lolote. Na kama wateja hawajapungua na aliyeuliza ni mmoja tu, mjibu huyo mmoja, yatoshe.

Kuna mpaka mmoja ambao hakuna ufundi wa maneno unaouvuka. Kama uvumi una chembe ya kweli, tuseme kijana wako aliwahi kununua mafuta ya magendo wiki moja, sema hivyo wewe kwanza, pamoja na siku uliyoacha. Ukikaa kimya akalisema yeye, hata risiti zako za halali zitaonekana za kughushi.

Soda ya Miller ilirudi madukani taratibu, baada ya miezi, wala si baada ya tamko moja. Wewe usiyezushiwa bado, anza kutunza risiti zako leo, maana risiti iliyotafutwa baada ya uvumi kuanza haimshawishi mtu.