Alama Zako Hupotelea Wapi? Kutumia Ripoti za Mtahini na Mwongozo wa Kusahihisha

Wanafunzi wengi wakipata alama ya chini katika Karatasi ya 3 (Fasihi) hufanya jambo moja: hurudi kukisoma kitabu kizima upya. Kabla ya kufanya hivyo, chunguza kwanza alama zako zilipotelea wapi. Huenda kitabu unakijua vizuri, ila hujui kukijibia.

Nyenzo mbili, kazi mbili

Ripoti ya KNEC hutolewa baada ya mtihani wa KCSE. Huteua maswali ambayo watahiniwa hawakuyajibu vyema, ikaeleza walichotakiwa kufanya, udhaifu ulioonekana na majibu yaliyotarajiwa. Mwongozo wa kusahihisha nao huonyesha jinsi alama zinavyogawanywa. Ukiona mwishoni mwa jibu pameandikwa "hoja zozote 6 × 2 = 12", fahamu kwamba kila hoja ina sehemu mbili: kuitaja na kuithibitisha kwa tukio la kitabuni. Mgao huo ndio wa kuuzingatia. Usiyakariri majibu yenyewe, kwa sababu swali hilohilo halitarudi na vitabu vya lazima hubadilishwa.

Mfano

Chukua swali hili la alama 20 kuhusu tamthilia ya *Bembea ya Maisha*: (a) kueleza muktadha wa dondoo, alama 4, (b) kubainisha mbinu mbili za lugha katika dondoo, alama 4, (c) kufafanua sifa sita za Neema, alama 12. Mwanafunzi mmoja alipata 11. Alikuwa amepanga kuisoma tamthilia yote mara mbili zaidi. Tulikaa na karatasi yake na mwongozo, tukahesabu alama 9 alizopoteza.

Katika (a) alimtaja msemaji, msemewa na mahali, akasahau kueleza kilichosababisha maneno hayo. Alama 1 ikapotea.

Katika (b) alizitaja mbinu zote mbili sawasawa, lakini hakuonyesha maneno ya dondoo yanayozithibitisha. Alama 2 zikapotea.

Katika (c) aliandika aya tano. Tatu zilitosheleza, akapata 6. Aya ya nne ilisema Neema ni "mchapa kazi", ilhali ya kwanza ilikuwa imesema ni "mwenye bidii". Kwa mtahini hiyo ni hoja moja, nayo haituzwi mara mbili. Aya ya tano ilisimulia kwa urefu jinsi Neema anavyompeleka mamake, Sara, mjini kutibiwa, lakini sifa haikutajwa popote. Sifa ya sita hakuiandika. Hapo alama 6 zikapotea.

Ile aya ya tano ingeweza kuwa sentensi moja: "Neema ni mwajibikaji; anampeleka mamake mjini ili apate matibabu." Sentensi hiyo ina sifa na ithibati, na ingemwachia muda wa kuandika hoja ya sita. Kumbuka karatasi ni ya saa 2½ kwa maswali manne, yaani takribani dakika 37 kwa kila swali.

Kutoka hesabu hadi ratiba

Kati ya alama 9, ni 2 tu, za hoja iliyokosekana, ambazo huenda zilitokana na kutokijua kitabu. Saba zilitokana na namna ya kujibu. Kwa hivyo alibadilisha ratiba. Kila jioni alichagua mhusika mmoja, akaandika sifa sita, kila sifa na tukio lake katika sentensi moja au mbili, kisha akafuta zilizofanana kimaana. Alipokwama kwenye sifa ya tano au ya sita, ndipo alipofungua kitabu, tena kwenye onyesho lenye mhusika huyo.

Fanya vivyo hivyo. Chukua majaribio yako matatu ya mwisho, uchore jedwali la safu nne: kutaja bila kuthibitisha, kurudia hoja, kusimulia bila hoja, na kukosa jibu. Ingiza kila alama iliyopotea mahali pake, ukiongeza safu kwa kosa lolote lisilotoshea. Safu yenye jumla kubwa ndiyo ya kuanza nayo. Iwapo ni ya nne, chunguza kama ulikosa muda au maarifa. Ikiwa ni maarifa, basi soma kitabu.

Tahadhari

Ripoti huwazungumzia watahiniwa wa nchi nzima. Huenda kosa linalotajwa humo si lako, kwa hivyo ilinganishe na jedwali lako. Pili, mwongozo wa jaribio la shuleni huandaliwa na walimu wa jaribio hilo. Hoja yako ikikosekana humo, usiifute upesi. Iwapo ina ithibati kitabuni, mpelekee mwalimu wako aipime.