Kompyuta Inapoorodhesha Kisichotafutwa

Mtu akiandika neno kwenye menyu ya Start ya Windows na faili anayoitaka ikajitokeza kabla hajamaliza kuandika, kompyuta haikupekua diski nzima kwa nukta ile. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika zamani. Huduma iitwayo Windows Search hupita kimyakimya kwenye faili, husoma majina, tarehe na mara nyingi hata maneno yaliyomo ndani, kisha huyaweka yote kwenye faharasa kama ile iliyo mwisho wa kitabu. Anayetafuta husomewa faharasa, si diski.

Faharasa hiyo haiandikwi mara moja ikaisha. Kila faili inapozaliwa, inapobadilika au inapofutwa, sharti marekebisho yafanyike. Kwa mwalimu mwenye mitihani na barua mia chache, mzigo huo hauonekani. Kwa mtengeneza tovuti, hadithi ni nyingine kabisa, na ndiye anayeonyesha vizuri zaidi faida na hasara za kuitoa folda kwenye faharasa.

Tuseme anafanya kazi kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, zile za mizunguko 5400 kwa dakika. Miradi yake yote ameiweka ndani ya Documents, kwenye folda aliyoiita Miradi. Anaanzisha tovuti mpya na kuandika amri moja:

```
npm install
```

Amri hiyo inashusha kutoka mtandaoni vipande vya programu ambavyo tovuti inavitegemea, na kuvirundika katika folda iitwayo node_modules. Mradi wa kawaida unaweza kuishia na faili 30,000 au 40,000 humo ndani, nyingi zikiwa ndogo mno, na hakuna hata moja aliyoiandika mwenyewe. Lakini Documents imo ndani ya eneo ambalo Windows huliorodhesha bila kuambiwa, yaani folda za mtumiaji. Basi huduma ya utafutaji inaamka na kuanza kuzipitia moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo diski ya kuzunguka inapoelemewa. Kusoma faili moja kubwa kwa mfululizo inaweza, lakini kurukaruka kati ya faili ndogo zilizotawanyika kunailazimu kusogeza kichwa chake cha kusomea kila mara, na kwa kazi ya namna hiyo kwa kawaida haizidi visomo 100 hivi kwa sekunde. Faili 40,000, hata kama kila moja ingetaka kisomo kimoja tu, zingechukua angalau sekunde 400, karibu dakika saba. Na kisomo kimoja hakitoshi: faili inatafutwa, inafunguliwa, inasomwa, halafu matokeo yanaandikwa kwenye faharasa iliyo kwenye diski hiyohiyo. Ni kweli kwamba Windows hupunguza kasi ya uorodheshaji inapoona mtu anatumia kompyuta. Lakini kazi haifutwi kwa kupunguzwa kasi, inarefushwa tu, na kwenye diski ya aina hii hata mwendo wa pole unatosha kufanya kivinjari kichelewe kufunguka.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kuhakikisha kwamba mkosaji ni huyu. Watu wengi huilaumu Windows Search kwa makosa ya jirani yake. Ukibonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager inafunguka, na safu ya Disk inaonyesha ni nani anayeitumia diski. Likionekana jina Microsoft Windows Search Indexer juu ya orodha, dalili imepatikana. Likiwa ni Antimalware Service Executable, hiyo ni programu ya kuzuia virusi, nayo husoma faili hizohizo kwa sababu zake. Kuondoa folda kwenye faharasa hakutaizuia kuzisoma.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye Resource Monitor, inayofunguliwa kwa kuandika resmon kwenye menyu ya Start. Katika kichupo cha Disk huonekana hata majina ya faili zinazosomwa wakati huo. SearchProtocolHost.exe ikiwa inapita kwenye njia ndefu zenye neno node_modules, na SearchIndexer.exe ikiwa inaandika kwenye faili ya faharasa, Windows.edb kwa Windows 10, hakuna cha kubahatisha tena.

Kuitoa folda si kazi ngumu. Mtu huandika Indexing Options kwenye menyu ya Start na kufungua dirisha dogo ambalo juu yake kuna idadi ya vitu vilivyokwisha kuorodheshwa. Idadi hiyo yenyewe ni habari. Kwa maelezo ya Microsoft, watumiaji wengi huwa na vitu chini ya 30,000, na uzito huanza kuhisiwa vikizidi 400,000. Mwenye miradi kumi na mbili ya aina tuliyoitaja anakaribia huko kwa node_modules peke yake. Akibonyeza Modify, akafuata mishale kutoka Users hadi Documents hadi Miradi, akaondoa alama ya tiki na kubonyeza OK, idadi itaanza kushuka. Chini kidogo, ndani ya Advanced, kuna kitufe cha Rebuild. Hicho asikibonyeze kwa haraka, kwa sababu hufuta faharasa yote na kuianza upya, na kwenye laptopu kama hii kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi.

Siku inayofuata kompyuta ni nyepesi. Bei yake inaonekana baadaye.

Mtengeneza tovuti huyu, kama walivyo wengi, haweki kodi za programu peke yake kwenye folda ya mradi. Humo kuna mkataba wa mteja, ankara za Word, maelezo ya mkutano na nembo. Miezi mitatu imepita, mteja anapiga simu kuulizia kiasi kilichobaki, naye anaandika jina la mteja kwenye menyu ya Start. Hakuna kitu. Windows haimwambii kwamba kuna folda ambayo haikuangaliwa. Inajibu tu kwamba haikupata. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hii ndiyo hasara kubwa kuliko hata ucheleweshaji: mtu anaamini faili imepotea, anaanza kuiandika upya, na tangu hapo kuna ankara mbili zenye tarakimu tofauti.

Faili bado ipo, ila njia ya kuifikia imebadilika. Akiifungua folda ya Miradi yenyewe katika File Explorer na kutafuta akiwa humo, Windows itaipekua folda papo hapo. Itachukua muda, na mstari wa kijani juu ya dirisha utajikokota, lakini itapata majina ya faili. Maneno yaliyo ndani ya faili haitayagusa. Ili yaguswe, sharti afungue Folder Options, aingie kichupo cha Search na kuweka tiki kwenye Always search file names and contents. Dirisha lenyewe linaonya kwamba huenda ikachukua dakika kadhaa, na mbele ya node_modules kumi na mbili onyo hilo si la kupuuzwa. Hivyo, anayekumbuka jina la ankara ataipata. Anayekumbuka tu kwamba ndani yake palikuwa na maneno "malipo ya awamu ya pili" atasubiri sana.

Wapo wanaokimbilia amri ya findstr, ambayo hupekua maneno ndani ya faili bila kuhitaji faharasa:

```
findstr /s /i /m "awamu" *.txt
```

Kwa faili za maandishi matupu inafanya kazi vizuri. Kwa faili za Word inashindwa, kwa sababu faili ya .docx ni kifurushi kilichobanwa kwa mtindo wa zip, na maneno yake hayasomeki mpaka kifurushi kifunguliwe. Kinachojua kukifungua ni huduma ileile ya Windows iliyoambiwa isiingie humo.

Kosa, basi, halikuwa kuiondoa folda. Kosa lilikuwa mahali mstari ulipokatwa. Ndani ya Miradi kulikuwa na vitu vya aina mbili: vilivyoandikwa na mtu na vilivyomwagwa na mashine. Vya mashine hakuna atakayevitafuta kwa menyu ya Start, na vikipotea hurudishwa kwa npm install nyingine. Katika dirisha lile la Modify angeweza kushuka ngazi mbili zaidi na kuondoa tiki kwenye node_modules ya kila mradi, akaiacha Miradi ndani ya faharasa. Dosari ni kwamba kila mradi mpya utakuja na node_modules yake yenye tiki, na mtu mwenye shughuli atasahau.

Njia inayodumu ni kutenganisha makazi. Kodi ihamie C:\Miradi, nje kabisa ya folda za mtumiaji; ankara, mikataba na barua zibaki Documents. Katika mpangilio wa Windows unaoitwa Classic, kilicho nje ya folda za mtumiaji hakiorodheshwi, kwa hiyo hakuna tiki ya kukumbuka kuondoa. Aliyechagua mpangilio wa Enhanced, unaopita kwenye kompyuta nzima, atalazimika kuiongeza C:\Miradi kwenye orodha ya folda zilizotengwa, mara moja tu. Microsoft nao walikwenda upande huu katika toleo la Windows 10 la Mei 2020, walipoanza kuziruka bila kuambiwa folda kama .git na .svn, ambazo huzaliwa na zana za waandishi wa programu.

Kuna pia daraja la katikati, linalofaa zaidi ofisi kuliko watengeneza tovuti. Ofisi nyingi zina folda kubwa ya nyaraka zilizopigwa skani kuwa PDF. Skani ya kawaida ni picha ya karatasi. Kama mashine haikuambiwa itambue herufi, hakuna neno la kusomwa ndani yake. Kuziachia faili hizo ziorodheshwe kwa yaliyomo hakuleti chochote, lakini majina yake ni muhimu sana. Kwa folda ya namna hiyo mtu hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua Properties, halafu Advanced, akaondoa tiki kwenye maneno Allow files in this folder to have contents indexed in addition to file properties. Majina na tarehe hubaki kwenye faharasa, yaliyomo huachwa. Namna ya kupima ni kufungua moja ya PDF hizo na kujaribu kuchagua neno kwa kipanya: likichagulika, kuna maandishi humo na afadhali folda iachwe ilivyo.

Mwenye SSD hahitaji sana habari hizi. Diski hiyo haina kichwa cha kusogeza, na visomo vidogo elfu kadhaa kwa sekunde si mzigo kwake. Akizitoa folda zake atapoteza utafutaji na kupata kasi ambayo huenda asiihisi. Pengine atahisi nafuu kwenye betri tu, na kwa hilo kuna tiki tofauti katika mipangilio ya utafutaji, Respect power settings when indexing, ambayo huufanya uorodheshaji ufuate mpangilio wa nishati wa laptopu bila kuondoa folda yoyote.