Kinoa huchemshwa, kuskusi huloweshwa

Jirani yangu alinunua pakiti mbili kwa mara ya kwanza, moja ya kinoa na nyingine ya kuskusi. Akazipika kwa kipimo kimoja: kikombe cha punje, vikombe viwili vya maji, moto mdogo, dakika 15. Kinoa ikaiva vizuri. Kuskusi ikageuka bonge zito lililoshika chini ya sufuria.

Kipimo chake kingefaa kama pakiti zote mbili zingekuwa na kitu cha aina moja. Kinoa ni mbegu mbichi. Mmea wake ni wa ukoo mmoja na mchicha, na watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, wameulima kwa maelfu ya miaka. Wanga ulio ndani ya punje hauwezi kulainika mpaka upate maji na joto kwa pamoja, tena kwa muda.

Kuskusi ni chenga za ngano ngumu zilizonyunyiziwa maji na kuviringishwa mpaka zikawa punje ndogo. Ni chakula cha Afrika Kaskazini, ambako huivishwa kwa mvuke juu ya chungu cha mchuzi, zaidi ya mara moja. Ile ya pakiti inayoiva haraka imekwisha kupitishwa kwenye mvuke kiwandani, kisha ikakaushwa. Kazi iliyobaki jikoni ni kuirudishia maji.

Kinoa: osha, chemsha, pumzisha

Kabla ya moto, osha. Ganda la kinoa lina saponini, kemikali chungu inayoikinga mbegu dhidi ya ndege na wadudu. Ukiifikicha kwenye maji utaona povu kama la sabuni. Badilisha maji mpaka povu liishe, kisha chuja kwa chujio la matundu madogo. Hata kama pakiti inasema imeoshwa, isuuze tena, maana uchungu ukishaingia kwenye chakula hautoki.

Kwa kikombe kimoja cha kinoa tia vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo. Ukipenda punje kavu zaidi, punguza robo kikombe cha maji. Weka moto mkali mpaka yachemke, kisha upunguze mpaka usikie mchemko mdogo tu, na ufunike. Hesabu dakika 15 bila kufunua. Mvuke unaogonga kifuniko na kurudi chini ni sehemu ya maji uliyopima. Kila ukifunua, unayapunguza.

Ipua, uiache imefunikwa dakika 5 hadi 10. Wakati huo nje ya punje kuna unyevu mwingi kuliko ndani, na mapumziko haya huusambaza. Ndiyo sababu ileile ya kuacha wali ukauke polepole chini ya kifuniko chenye makaa.

Tazama punje moja kwa karibu. Iliyoiva huonekana kama kioo, na kiini chake chembamba kimejikunjua pembeni kama uzi mweupe. Ukiona nukta nyeupe katikati, wanga haujaiva: ongeza vijiko viwili vya maji, urudishe motoni dakika 3. Kama imeiva lakini maji yamebaki, yachuje, kisha iache dakika 2 juu ya moto mdogo bila kifuniko. Kikombe kimoja hutoa takriban vitatu.

Kuskusi: maji ya moto, jiko limezimwa

Hapa moto ni wa kuchemshia maji tu. Chemsha kikombe kimoja na robo cha maji pamoja na chumvi na kijiko cha mafuta. Yakichemka, zima jiko, mimina kikombe kimoja cha kuskusi, tikisa sufuria ili punje zitandazike, kisha funika dakika 5. Usikoroge. Punje zilizolowa ukizikoroga husagika na kutoa wanga unaozigandisha.

Baada ya hapo tumia uma, usitumie mwiko. Ipitishe kutoka pembeni kuelekea katikati ukiinua punje ziachane. Ikiwa bado zinakwaruza meno, nyunyiza vijiko viwili vya maji ya moto, ufunike dakika 3 tena. Iliyozidi maji haina tiba nzuri, kwa hiyo anza na maji machache. Kuna pia kuskusi kubwa kama pilipili manga; hiyo huchemshwa, na kipimo hiki hakiifai.

Kwa wanaokatazwa ngano

Zikiwa zimeiva, kinoa na kuskusi hufanana sahanini, lakini kuskusi ni ngano na ina gluteni. Mwenye ugonjwa wa seliaki asiile hata kidogo. Kinoa kwa asili haina gluteni, ila mpikie kwa chujio na uma ambavyo havijagusa kuskusi.