Binti anaporuka, tuangalie anavyotua

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 15, aliumia goti kwenye kiwanja hapa Mutoshi. Hakuna mtu aliyemgusa. Aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akashuka kwa mguu mmoja, goti likakunjika kwa ndani, na mwenyewe akasikia "tak!". Kabla ya saa mbili kupita, goti lilikuwa limevimba kama papai. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto. Wengi wetu tumeshafanya hivyo, lakini siku za kwanza joto linaongeza uvimbe. Kinachofaa ni kitambaa cha maji baridi, bandeji isiyobana sana, na mguu kuinuliwa juu ya mto.

Walipiga radio, mifupa ikaonekana mizima. Baada ya wiki tano alikuwa anatembea vizuri, akarudi kucheza. Siku hiyo hiyo, alipogeuka kwa haraka, goti "likamkimbia" akaanguka. Radio inaonyesha mifupa tu, kano haionekani. Mganga wa pili alishika paja kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akavuta muundi kwa mbele, kisha akafanya vile vile kwenye mguu mzima. Mguu ulioumia ulisogea mbele bila kizuizi. Kano ya msalaba ilikuwa imekatika.

Kano hiyo ni kamba fupi ndani ya goti, urefu wake sentimita 3 hivi. Inazuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usijizungushe chini ya paja. Yannick Bolasie, mchezaji wa timu yetu ya taifa, aliumia kano hiyo akiwa Everton mwezi wa 12 mwaka 2016. Alirudi kiwanjani mwezi wa 12 mwaka 2017, na yeye alikuwa na waganga wa klabu kubwa ya Uingereza.

Watu waliochunguza video za ajali hizi waliona kwamba kano inakatika karibu mara tu mguu unapogusa chini, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana kumwambia mtoto "ujichunge" hakusaidii: hana nafasi ya kufikiri. Mwili wenyewe lazima uwe umezoea kutua vizuri kabla ya siku ya mechi.

Jirani zetu wa Zambia wanacheza netiboli, na huko hatari ni ile ile. Kanuni yao inamkataza mwenye mpira kukimbia nao. Msichana anadaka akiwa hewani, anatua, na lazima asimame pale pale. Nguvu yote ya mbio inaishia kwenye goti. Wasichana wanaumia kano hii mara mbili au tatu zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo ule ule. Sababu ni kadhaa, lakini moja tunaweza kuirekebisha: wanapokua, miguu inarefuka haraka, misuli ya nyuma ya paja inabaki nyuma, na wengi wanatua wakiwa wamesimama wima, magoti yakikaribiana.

Kutua vizuri ni hivi. Vidole vinagusa kwanza, halafu kisigino. Magoti yanakunjika na makalio yanarudi nyuma, kama mama anayetaka kuketi kwenye kiti kidogo mbele ya mbabula. Simama mbele ya mtoto uangalie: goti likae juu ya vidole vya mguu, lisiingie ndani. Sikiliza pia. Ukisikia "puu!" kubwa, ametua na miguu migumu.

Mazoezi yanaanza kwa kuruka papo hapo kwa miguu miwili, halafu mbele, halafu kando. Magoti yakitulia, mtoto anaruka kwa mguu mmoja na kubaki hivyo kwa kuhesabu hadi tatu. Mwishoni mwenzake anamsukuma kidogo begani akiwa hewani. Kwa misuli ya nyuma ya paja, anapiga magoti, mwenzake anashika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole.

FIFA ina mpango wa namna hii wa kupasha mwili moto, dakika 20, angalau mara mbili kwa juma. Hauhitaji vifaa zaidi ya mpira. Kule Lagos, Nijeria, timu za vijana wa kiume zilizoufuata ziliumia kwa jumla karibu asilimia 40 chini ya zile zisizoufuata. Na kwa wasichana, mazoezi ya kutua yamepunguza kukatika kwa kano hii kwa karibu nusu. Nusu nyingine inabaki: mazoezi hayamzuii mtu kukuvamia kwa kando. Na timu ikiyaacha, faida inapotea.

Mwanafunzi wangu sasa anajifunza kutua upya, kwanza kutoka kwenye tofali moja. Antrenere alitaka acheze mwezi ujao. Mama yake alikataa: mganga alisema miezi tisa, na imepita sita tu.